Blichi ya unga au ya krimu: namna ya kuchagua, na tofauti ya zile za bluu na zisizopeperuka

Kabla ya kuangalia bei au rangi ya kopo, jibu kwanza swali hili: mchanganyiko utagusa ngozi ya kichwa, au utakaa kwenye nywele tu? Ukishapata jibu, sehemu kubwa ya uchaguzi imekwisha. Kazi inayoanzia kwenye mizizi, kama kupausha nywele fupi kichwa kizima, ni ya krimu. Kazi inayofanyika mbali na ngozi, kama mistari ndani ya foili au ncha za nywele ndefu, ni ya unga. Rangi ya bluu na sifa ya kutopeperuka, yaani kutotoa vumbi, huja baadaye, na wauzaji wengi huzieleza kinyume na zinavyofanya kazi.

Mwongozo huu ni wa saluni za Dodoma na za mikoa ya jirani, ambako hewa ni kavu, upepo wa kiangazi ni mkali na maji ya bomba hayana uhakika kila saa. Mambo hayo matatu hugusa kazi ya blichi moja kwa moja.

Kinachotokea ndani ya bakuli

Nywele hupaushwa na vitu viwili vinavyokutana. Cha kwanza ni developa, yaani hidrojeni peroksaidi iliyotiwa ndani ya losheni. Cha pili ni blichi yenyewe, yenye chumvi za pasulfeti pamoja na alkali. Alkali huufanya unywele uvimbe na magamba yake yafunguke, kisha peroksaidi na pasulfeti huingia na kuivunja melanini, ambayo ndiyo weusi wa nywele. Kazi hiyo huendelea maadamu mchanganyiko una unyevu. Ukikauka, umesimama, hata kama saa bado inahesabu.

Developa huuzwa kwa volyumu. Volyumu 10 ni asilimia 3 ya peroksaidi, 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9 na 40 ni asilimia 12. Kwa kazi inayogusa ngozi, usivuke volyumu 20. Volyumu 40 haina nafasi kichwani kwenye mizizi, na kwa nywele za kipilipili haina nafasi hata kwenye foili. Unywele wa namna hiyo ni mwembamba kwenye kila kikunjo chake, na huko ndiko hukatika kwanza.

Unga hubeba pasulfeti nyingi kwa kila gramu. Ndiyo maana hupandisha haraka na mbali, na makopo mengi huandika ngazi 7 hadi 9, tukihesabu nyeusi kabisa kuwa 1 na blondi iliyokolea weupe kuwa 10. Krimu ina chumvi zilezile, lakini zimelala ndani ya mafuta na nta. Kwa hiyo kwa uzito uleule nguvu yake huwa ndogo kidogo, mara nyingi ngazi 6 au 7, na mwendo wake ni wa polepole. Mafuta hayo hupunguza muwasho na huzuia mchanganyiko kukauka. Pia hufanya krimu ikae pale brashi ilipoiweka, isivimbe wala kuteleza.

Jambo moja la kuangalia dukani: krimu ya kupausha nywele si krimu ya kujichubua ngozi, na wala si ile ya kupausha vinyweleo vya usoni. Kwenye meza moja ya vipodozi pale Majengo au Sabasaba unaweza kuzikuta zimepangwa pamoja. Ile unayoitaka huandikwa kuwa ni ya nywele za kichwani na hutaja developa ya kuchanganya nayo, kwa uwiano na dakika. Ikiwa pakiti haina maelezo hayo, iache. Iache pia blichi iliyopimwa kutoka kwenye kopo kubwa na kufungwa kwenye mfuko wa nailoni. Huwezi kujua uwiano wake, tarehe yake, wala kama imeshapata unyevu. Vipodozi viko chini ya TBS tangu 2019, na bidhaa isiyo na lebo haina namna ya kufuatiliwa.

Kwa nini unga husumbua hapa zaidi kuliko pwani

Dar es Salaam hewa ina unyevu, kwa hiyo unga uliopakwa wazi hubaki laini kwa muda mrefu. Dodoma kuanzia Juni hadi Novemba mambo ni tofauti. Mchanganyiko wa unga uliopakwa bila kufunikwa, feni ikiwa inazunguka, huanza kuwa mkavu kwa juu kabla kazi haijafika nusu. Utaujua kwa kuugusa: umekuwa kama chokaa, unakatika vipande badala ya kupakika. Nywele zilizo chini yake hubaki na rangi ya chungwa, na msusi hudhani developa ni dhaifu. Hapo wengi hukimbilia volyumu 40, na nywele zinakatika kwa kosa ambalo lilikuwa la ukavu tu.

Dawa yake si kuongeza nguvu. Funika kwa foili au kofia ya nailoni iliyokaa kwa kulegea, zima feni inayopuliza kichwani, na usimkalishe mteja juani wala chini ya draya. Joto huharakisha kazi bila mpangilio, na sehemu moja hutangulia nyingine. Kama tayari pamekauka, pangusa ule mkavu kwa kitambaa chenye maji na uweke mchanganyiko mpya. Ukinyunyizia maji juu yake utapata uji mwembamba unaotiririka hadi kwenye ngozi.

Krimu huvumilia hali hii vizuri zaidi kwa sababu ya mafuta yake. Kwa saluni ya Dodoma yenye uwezo wa kuweka aina moja tu kwa ajili ya kazi za mizizi, tungeshauri krimu, hata kama kwa gramu ni ghali kuliko unga.

Isiyopeperuka: nini hasa kimebadilika

Unga wa kawaida ukichotwa hutoa vumbi jeupe. Vumbi hilo ni pasulfeti, na pasulfeti ni chanzo kinachojulikana cha pumu ya kazini, mafua yasiyokwisha na ukurutu wa mikono kwa wasusi. Tatizo halitokei siku ya kwanza. Mwili huzoea kwa miezi au miaka, kisha siku moja unaanza kukataa, na ukishakataa, kiasi kidogo sana kinatosha kuamsha kifua au kuwasha ngozi.

Katika unga usiopeperuka, punje zimepakwa mafuta ya madini au kitu kingine kinachozishikanisha ili ziwe nzito. Faida yake ni kwa mapafu yako na ya mteja. Nguvu ya kupausha inabaki ileile, na ngozi ya kichwa haipati nafuu yoyote. Chumvi ikishakutana na developa, tofauti imekwisha, na ile harufu kali ya amonia bado itatoka. Mteja mwenye pumu, au aliyewahi kuvimba uso kwa blichi, hawi salama kwa sababu tu kopo limeandikwa kwamba halitoi vumbi.

Kuna mambo mawili ya kazi yanayobadilika. La kwanza ni kipimo. Kijiko cha unga mwepesi na kijiko cha unga mzito havilingani kwa uzito, kwa hiyo aliyezoea kuhesabu vijiko akibadili kopo hupata mchanganyiko wa uwiano mwingine bila kujua. Nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu, uache kuhesabu vijiko. La pili ni kukoroga. Punje zilizopakwa mafuta hulowana taratibu. Mimina developa kidogo kwanza, koroga mpaka upate uji mzito usio na mabonge, ndipo uongeze iliyobaki. Endelea kukoroga dakika 2 nzima. Bonge lililofichika likipasuka juu ya nywele huacha doa jeupe, na likitua kwenye ngozi huunguza.

Kama una shaka na maandishi ya kopo, vaa barakoa, chota kijiko kimoja na ukidondoshe juu ya karatasi nyeusi kutoka urefu wa shubiri moja. Usiopeperuka huanguka kwa uzito na kubaki pale. Ukiona wingu, ni wa kawaida, au punje zimevunjika kwa kutikiswa safarini. Kwa vyovyote vile, unapochota zima feni na kaa mbali na upepo wa dirisha, kisha ukimaliza kukoroga fungua madirisha yote. Barakoa ya kitambaa haisaidii sana hapa. Inayochuja vumbi laini ni ile iliyoandikwa N95 au FFP2. Krimu haina vumbi kabisa, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda kwenye chumba kidogo cha fremu moja.

Ya bluu: inasaidia wapi, inadanganya wapi

Wasusi wengi huamini kwamba blichi ya bluu ni kali kuliko nyeupe. Si kweli. Bluu ni rangi iliyotiwa tu, na ukali hutoka kwenye pasulfeti na volyumu ya developa.

Kazi ya bluu ni kuzima chungwa. Nywele nyeusi zikipaushwa hupita kwenye wekundu wa giza, kisha wekundu, kisha chungwa, kisha manjano yenye chungwa, kisha manjano, na mwisho manjano hafifu sana. Bluu ina maana pale kwenye chungwa, takribani ngazi ya 5 hadi ya 7. Kwenye wekundu haifanyi kitu cha kuonekana. Kwenye manjano yaliyokwisha kuwa mepesi, bluu ikibaki ndani ya nywele zilizokauka na kubaki na magamba wazi huleta ukijani, kwa sababu bluu na manjano zikikutana ndivyo zinavyofanya. Anayetaka kuzima manjano anahitaji zambarau, na hiyo ni kazi ya tona baada ya kuosha.

Hata pale kwenye chungwa, usitegemee makubwa. Rangi iliyomo kwenye blichi huzunguka juu ya unywele zaidi ya kuingia, na sehemu kubwa huondoka na maji. Itakupunguzia ukali wa chungwa kidogo, lakini haitachukua nafasi ya tona.

Hasara ya bluu iko kwenye kusoma. Nywele zikiwa zimefunikwa na uji wa bluu huonekana zimepauka na kupoa kuliko zilivyo. Msusi huosha mapema, kisha anashangaa chungwa linapotokea kwenye beseni. Ukitumia ya bluu, kila unapokagua chukua fungu dogo, lifute kwa kitambaa chenye maji mpaka bluu yote iondoke, kisha uliangalie kwenye mwanga wa mchana karibu na mlango. Taa ya manjano ya ndani huongeza udanganyifu. Blichi nyeupe haikusumbui hivyo, na kwa anayejifunza ni bora aanze nayo.

Mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho

Mteja ana nywele za asili, nyeusi, urefu wa sentimita 4 kichwa kizima. Hazijawahi kutiwa dawa ya kulainisha wala rangi. Anataka blondi ya dhahabu, takribani ngazi ya 8. Kazi inaanzia kwenye ngozi, kwa hiyo ni krimu na volyumu 20. Anataka dhahabu, yaani manjano yabaki, kwa hiyo bluu haihitajiki, na krimu nyeupe inafaa zaidi. Ikiwa iliyopo dukani ni ya bluu pekee itumie, ila ufuate utaratibu wa kufuta na kukagua.

1. Siku 2 kabla, muulize kuhusu pumu na mzio, na umfanyie jaribio la ngozi kama lebo inavyoelekeza. Muulize pia kama alifumua msuko karibuni. Kichwa kilichotoka kufumuliwa huwa na mikwaruzo ya kucha na chanuo, na blichi itaiunguza. Mpe siku kadhaa mpaka ngozi itulie. Asioshe nywele siku ya kazi wala asikune, kwa sababu mafuta ya asili ya ngozi ni kinga.

2. Fanya jaribio la nywele. Kata kifungu kidogo nyuma karibu na shingo, changanya gramu 5 za krimu na gramu 10 za developa, zamisha, na ukague kila dakika 5. Hapa utajua muda na mwisho wa nywele hizi. Mchanganyiko ukianza kupata joto au kutoa povu jingi, simamisha kazi yote: nywele zina madini, pengine kutoka kwenye hina iliyochanganywa au rangi ya zamani ambayo mteja ameisahau. Maji yenye madini ya chuma nayo huweza kuleta joto hilo. Aliyepaka piko kichwani atapanda kwa mabaka, mekundu huku na chungwa kule.

3. Weka maji tayari kabla ya kufungua kopo. Ndoo mbili za lita 20 zikiwa zimejaa, hata kama bomba linatoka. Blichi haingoji maji yarudi.

4. Paka mafuta ya mgando kwenye mpaka wa nywele na juu ya masikio. Vaa glavu. Tumia bakuli na brashi za plastiki. Chuma huivuruga peroksaidi.

5. Changanya nusu ya kwanza: krimu gramu 20 na developa gramu 40, ikiwa lebo inasema 1 kwa 2. Lebo ikisema vingine, fuata lebo. Usichanganye yote mara moja, kwa kuwa nguvu ya mchanganyiko hushuka kadiri unavyokaa.

6. Gawa kichwa mafungu manne. Anza nyuma, paka kuanzia sentimita 1 kutoka kwenye ngozi hadi ncha. Mizizi iachwe mwisho kwa sababu joto la kichwa huiharakisha. Ukianza nayo utapata mizizi ya manjano na ncha za chungwa. Paka mafungu membamba, na ushindilie kwa vidole, kwa kuwa nywele za kipilipili huficha sehemu kavu ndani. Usichane.

7. Baada ya dakika 20 changanya nusu ya pili, ileile gramu 20 kwa 40, na upake mizizi. Funika kwa nailoni iliyolegea.

8. Kagua kila dakika 5. Muwasho mdogo ni wa kawaida. Kuungua si kawaida. Mteja akisema panachoma, osha sehemu hiyo papo hapo kwa maji mengi ya uvuguvugu, usimwambie avumilie. Vuta unywele mmoja uliolowa: ukinyooka na kurudi, uko salama. Ukinyooka kama mpira wa kutafuna na usirudi, osha kichwa kizima, rangi yoyote iliyofikiwa.

9. Usivuke muda wa juu ulioandikwa kwenye lebo, ambao mara nyingi ni dakika 45 au 50 tangu kupaka kwa kwanza. Osha kwa maji ya uvuguvugu bila kusugua mpaka yatoke masafi, kisha shampuu mara moja, kisha kondishena dakika 10.

Nywele nyeusi za asili mara nyingi huishia ngazi ya 7 kwa siku ya kwanza, manjano yenye chungwa kidogo. Mweleze mteja hilo kabla hajakaa kitini. Ikiwa nywele bado zina nguvu, awamu ya pili ifanyike baada ya wiki 2, kwa krimu ileile na volyumu 20. Kupandisha volyumu siku hiyohiyo ndiyo njia ya haraka ya kumpeleka kwa kinyozi.

Mteja huyohuyo angekuwa na nywele ndefu

Sema nywele zake ni sentimita 25, na anataka mistari ya karameli kuanzia katikati kwenda chini. Sasa ngozi haiguswi, na karameli ni ngazi ya 6 au 7, palepale kwenye chungwa. Hapa unga wa bluu usiopeperuka ndio chaguo letu. Changanya gramu 30 za unga na gramu 45 za developa ya volyumu 20, yaani 1 kwa 1.5, upate uji unaosimama kwenye brashi bila kudondoka. Ukiufanya mwepesi zaidi, ndani ya foili utavimba na kutambaa hadi juu ya mstari uliokusudia, na utaacha madoa. Usijaze foili mpaka ukingoni, acha sentimita 1 tupu upande wa juu. Foili ikipata joto mkononi mwako, ifungue.

Ikiwa nywele hizo zimetiwa dawa ya kulainisha, kataa unga. Dawa imeshavunja sehemu ya viungo vinavyoushikilia unywele, na blichi inaendeleza palepale. Jaribio la kifungu kimoja kwa krimu na volyumu 10 litakuonyesha kama kuna la kufanya, na mara nyingi jibu linakuwa hapana.

Kutunza na kutupa

Unga hufa kwa unyevu. Usitie kijiko chenye maji, funga kopo mara tu unapochota, na liweke mbali na beseni. Developa hufa kwa joto na mwanga. Duka la bati lenye jua la Oktoba linaweza kukupa volyumu 20 ambayo nguvu yake imeshuka, kwa hiyo nunua chupa ndogo unazomaliza. Mchanganyiko uliobaki usiufunge kwenye chupa kwa ajili ya kesho. Unaendelea kutoa hewa ya oksijeni, na chupa iliyofungwa inaweza kupasuka. Umwagie maji mengi kwenye sinki siku hiyohiyo, na bakuli lioshwe kabla uji haujakauka, kwa sababu ukikauka unarudi kuwa vumbi lilelile ulilokuwa unalikwepa.